Faili moja la Excel, wanafunzi walewale, mistari miwili: mmoja unampa binti 39, mwingine 46. Tumwamini nani?

Mwalimu_Pasua (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Nafundisha Fizikia kidato cha tatu hapa Moshi. Fizikia si ya lazima, kwa hiyo wanaoisoma wako 11 tu. Mwezi wa tatu walifanya midtemu wote. Mwezi wa sita wakafanya terminali, ila binti mmoja alikuwa amelazwa, hakufanya. Midtemu yake ilikuwa 40.

Mwalimu wa taaluma anataka ripoti za wazazi zitoke bila pengo. Akasema tumkadirie terminali yake kwa kutumia midtemu, kwa kuwa wenzake kumi tuna alama zao zote mbili. Sikuona ubaya. Nikachukua faili la darasa, nikaandika fomula, nikapata makadirio ya 45.75, yaani 46. Mtaaluma naye akachukua faili hilohilo, akachora chati, akaiomba chati imwonyeshe mlinganyo, akapata 39.

Sasa mnajua 39 ni D na 46 ni C. Tumebishana ofisini mpaka kengele ya mwisho. Data hizi hapa, midtemu kwanza halafu terminali:

```
28  41
35  34
40  51
44  45
48  60
52  50
56  52
62  68
70  63
75  76
40  ABS
```

Fomula zangu, midtemu iko safu B na terminali safu C:

```
=SLOPE(C2:C12,B2:B12)       0.75
=INTERCEPT(C2:C12,B2:B12)   15.75
```

Na chati ya mtaaluma imeandika hivi:

```
y = 0.962x + 0.9908
R² = 0.4839
```

Faili halijaguswa kati ya hesabu yangu na yake. Nani kakosea, mimi au yeye?

---

Kijana_Sakina (Arusha)

Mkuu, hapo ni rahisi. Angalia R². Ya mtaaluma ni 0.48, maana yake mstari wake uko sahihi asilimia 48 tu, chini ya nusu, umefeli. Piga na wewe ya kwako kwa `=RSQ` utuletee. Yenye R² kubwa ndiyo ya ukweli. Nawasilisha.

---

Mwalimu_Pasua

Nimepiga. Yangu ni 0.7805.

---

Kijana_Sakina

Umemaliza kesi. Asilimia 78 sahihi. Mpe binti C yake, mtaaluma akanywe kahawa Mbuyuni.

---

Mama_Njiro (Arusha)

Shikamooni walimu. Samahani naingilia. Mwanangu naye yuko kidato cha tatu huku Arusha, Fizikia midtemu alipata 32. Nimeweka kwenye hesabu ya mwalimu: 0.75 mara 32 ni 24, jumlisha 15.75, nimepata 39.75. Kwa hiyo mwisho wa muhula ndiyo atapata 40? Na nikimlipia tuisheni akapanda alama 4 za midtemu, terminali inapanda 3? Nijue nipange bajeti.

---

Kokotoa_Tu (Moshi)

Mwalimu, jibu la swali lako nimeliona kwenye data yenyewe kabla sijafungua Excel. Ni lile neno ABS.

`SLOPE` na `INTERCEPT` zikikuta maandishi badala ya namba, zinamruka mwanafunzi yule mzima, na midtemu yake pia. Kwa hiyo wewe umepiga hesabu ya wanafunzi kumi, na ndivyo inavyotakiwa. Chati haifanyi hivyo. Chati ya nukta ikikuta maandishi upande wa alama za wima, inayachora kama sifuri. Mstari ukiuomba kwa `Add Trendline`, unapita katikati ya nukta zote zilizochorwa, pamoja na ile ya uongo. Mtaaluma ana wanafunzi kumi na moja, na mmoja wao alipata 40 midtemu akaja kupata 0 terminali. Yaani makadirio ya binti yamepigwa kwa kumhesabu binti huyohuyo kama aliyepata sifuri.

Hii unaithibitisha bila kuniamini mimi. Rudi kwenye chati ya mtaaluma, uhesabu nukta. Kama ni kumi na moja, na moja imelala kabisa kwenye mstari wa chini juu ya 40, kesi imeisha. Kisha futa ABS, acha kiseli kitupu. Chati itaacha kuichora na mlinganyo utageuka palepale.

Usiweke `=NA()` kama wengine wanavyoshauri, maana ingawa chati itairuka vizuri, `SLOPE` yako itaanza kukupa `#N/A`. Kiseli kitupu kinafaa pande zote mbili.

Kijana_Sakina, R² nitairudia. Hitimisho lako limeangukia upande sahihi lakini njia siyo.

---

Mwalimu_Pasua

Nukta ni kumi na moja. Moja iko chini kabisa, nusu yake imefichwa na mhimili, ukiangalia haraka unaipita. Nimefuta ABS, chati imeandika `y = 0.75x + 15.75` mbele ya macho yetu. Mtaaluma yuko pembeni yangu, kasema "kumbe". Asante sana mkuu.

Kwa hiyo binti anapata 46, C. Naandika.

---

Kokotoa_Tu

Ngoja kwanza, kalamu chini.

Mlichomaliza ni ugomvi wa mstari upi. Swali la kama mstari huo unafaa kumpa binti alama halijaguswa. Hebu tuupige kwa mkono tuone umetoka wapi, halafu tuupime unakosea kiasi gani.

Wastani wa midtemu kwa wale kumi ni 51. Wa terminali ni 54. Kila mwanafunzi mtoe kwenye wastani wa pande zote mbili. Wa kwanza, mwenye 28 na 41, yuko chini kwa 23 midtemu na chini kwa 13 terminali. Zidisha hizo mbili, unapata 299. Fanya hivyo kwa wote kumi ujumlishe: 1536. Halafu chukua umbali wa midtemu peke yake, uuzidishe kwa wenyewe, ujumlishe: 2048. Gawa 1536 kwa 2048, unapata mteremko, 0.75 kamili. Mstari lazima upite kwenye wastani wa pande zote mbili, kwa hiyo kianzio ni 54 kutoa 0.75 mara 51, sawa na 15.75. Hakuna uchawi.

Sasa kipimo. Kwa kila mwanafunzi weka alama aliyopata kweli, utoe ambayo mstari ungempa. Yule wa 35 mstari unamtegemea apate 42, yeye kapata 34, kakosewa kwa 8. Yule wa 48 mstari unasema 51.75, kapata 60, kakosewa kwa 8.25 upande wa pili. Fanya kwa wote uone. Mabaki yakijumlishwa ni sifuri, hiyo ni lazima na haimaanishi kitu. Yazidishe kila moja kwa lenyewe ndiyo ujumlishe, utapata 324. Gawa kwa 8, siyo kwa 10, kwa sababu mteremko na kianzio tayari vimetafutwa kwenye data hiihii na mstari umejipendelea. Inabaki 40.5, kipeuo chake 6.36. Excel inakupa moja kwa moja:

```
=STEYX(C2:C11,B2:B11)       6.364
```

Hiyo ndiyo namba ya kubishania ofisini. Iko kwenye alama za mtihani, kila mwalimu anaielewa: mstari huu kwa kawaida unakosea alama kama 6 hivi, kwenda juu au kushuka chini. Ungekuwa huna mstari kabisa na kila mtu unamkadiria wastani wa darasa, 54, ungekosea kwa kawaida kama alama 13. Kwa hiyo midtemu inasaidia, inapunguza kosa karibu nusu. Lakini alama 6 zilizobaki ni nyingi ukizingatia kwamba binti wenu yuko hatua moja tu kutoka mpaka wa D na C.

---

Kijana_Sakina

Mkuu mbona unazunguka. 0.78 si asilimia 78 ya usahihi? Chuoni tulifundishwa "asilimia 78 inaelezwa na modeli".

---

Kokotoa_Tu

Mlifundishwa sawa, ila "inaelezwa" unaigeuza kuwa "ni sahihi". Kutofautiana kwa wanafunzi kwenye terminali, ukikupima kwa vipeo vya pili, jumla yake ni 1476. Baada ya mstari imebaki 324. Iliyoondoka ni 1152, nayo ndiyo asilimia 78. Haisemi makadirio 78 kati ya 100 yatapata alama sawasawa. Kwenye hawa kumi, mstari haujampatia hata mmoja alama yake kamili. Aliyekaribiwa zaidi ni yule wa 44, na hata yeye kakosewa kwa alama karibu 4.

Halafu R² inategemea darasa limetawanyika kiasi gani. Chukua wale wa katikati tu, kuanzia 40 mpaka 62, piga upya. R² itashuka vibaya ingawa mstari unakosea alama zilezile 6 au 7. Kwa hiyo namba ambayo inaweza kushuka bila makadirio kuharibika siwezi kuitumia kuamua ripoti ya mtoto.

---

Fundi_Chaki (Moshi)

Salaam. Nimeshika chaki tangu enzi za matokeo kubandikwa ukutani, mniruhusu neno.

Shule moja niliyopita tuliwahi kuupenda mstari wa namna hii. Mwaka wa kwanza ulikaa vizuri sana. Mwaka uliofuata tukauchukua uleule, tukawakadiria wanafunzi wapya baada ya midtemu, tukawaambia na wazazi kwenye kikao. Terminali ikatungwa na mwalimu mwingine, mkali wa maswali ya kueleza. Darasa zima likaanguka chini ya makadirio, karibu kila mtoto, wakubwa kwa wadogo. Kikao kilichofuata sitaki kukikumbuka. Tangu siku hiyo mimi nasema hesabu hizi ni mapambo.

---

Kokotoa_Tu

Mzee wangu, shikamoo. Hilo lenu lilikuwa kosa la aina nyingine, na lina dalili yake. Mkikosea wote upande mmoja, wastani wa mabaki hauko tena karibu na sifuri, mstari mzima umehama kwa sababu mtihani umebadilika. Kwenye darasa la Mwalimu_Pasua mabaki yanapishana, huyu juu yule chini, kuanzia wadogo mpaka wakubwa. Mstari wake ulitengenezwa na terminali ileile ambayo binti aliikosa. Kuhama hakupo. Kutawanyika ndiko kuliko.

Na hapo ndipo jibu la Mama_Njiro lilipo. Mama, mstari huu ni wa wanafunzi kumi wa shule moja ya Moshi, midtemu moja na terminali moja. Mwanao alifanya midtemu nyingine, iliyotungwa na mtu mwingine. Hiyo 39.75 ni hesabu sahihi ya kitu kisichomhusu. Na zile alama 3 kwa kila 4 zinalinganisha mwanafunzi na mwanafunzi mwenzake. Hazisemi mtoto mmoja akisukumwa juu kwa tuisheni itakuwaje.

---

Mama_Njiro

Marahaba, nimekuelewa mwanangu. Bajeti yangu imepona.

Lakini niulize kama mzazi. Huyo binti aliumwa siku ya mtihani tu, au aliumwa muda? Maana kama alikosa vipindi mwezi mzima, wale wenzake kumi walikuwa darasani yeye hayupo. Mnamkadiriaje kwa watu waliosoma?

---

Fundi_Chaki

Mama kaongea kuliko sisi wote.

---

Mwalimu_Pasua

Alilazwa wiki ya mtihani, lakini kabla ya hapo alikuwa anakuja na kuondoka. Rejesta inaonyesha alikosa vipindi vingi vya mwezi wa tano. Mada ya mwanga karibu yote hakuwepo.

---

Kokotoa_Tu

Basi hilo mstari hauna habari nalo, na hakuna fomula ya kulitibu kwa data mliyonayo. Mstari unasema: mtu mwenye 40 *aliyeishi muhula kama hawa kumi* anategemewa kuwa karibu na 46. Kama hakuishi hivyo, makadirio yana uwezekano wa kuwa juu mno, na kwa kiasi gani siwezi kukuambia.

Tuseme tulifumbie macho hilo, tumchukulie ni kama wenzake. Bado kosa lake ni kubwa kuliko 6.36, kwa sababu mbili ndogo: mstari wenyewe umetokana na watu kumi tu, na yeye yuko chini ya wastani wa midtemu kwa alama 11, na kadiri unavyotoka katikati mstari unayumba zaidi. Kanuni ni kuzidisha 6.36 kwa kipeuo cha hii:

```
1 + 1/10 + (40-51)^2/2048
```

Inatoka 6.85. Ukitaka masafa ambayo ungekuwa sahihi mara 95 kwa 100, zidisha kwa 2.306 ya jedwali la t. Wengi wanaweka 2 kwa mazoea, lakini kwa watu kumi 2 ni ndogo. Unapata 15.8 kila upande. Yaani terminali ya binti ni kuanzia 30 mpaka 62.

Soma hayo masafa kwa madaraja: 30 ni mwanzo wa D, 62 iko karibu na mwisho wa C. Uwezekano wa kuvuka 45 kwa hesabu hii ni zaidi kidogo ya nusu. Mtaaluma angerusha shilingi angepata uhakika karibu uleule, na mahudhurio bado hatujayagusa.

---

Kijana_Sakina

Duh. Na ule mstari wa mwanzo wa mtaaluma wenye sifuri, masafa yake yalikuwaje?

---

Kokotoa_Tu

Ule ulikuwa unakosea kwa kawaida alama 15. Masafa yake kwa mwenye 40 ni kama kuanzia 2 mpaka 77, kutoka F mpaka A. Angeomba masafa badala ya namba moja, chati ingemshtua mapema bila kuja kwetu.

---

Kijana_Sakina

Sawa nimekubali nusu. Lakini bado nina swali. Hizo 6.36 umezipima kwa wanafunzi walewale waliotengeneza mstari. Si ni sawa na kumpa mtoto mtihani ambao majibu yake aliyaona?

---

Kokotoa_Tu

Hapo umegonga penyewe kabisa, na ndiyo maana tuligawa kwa 8. Ila kuna njia ya kuliona kwa macho. Mfiche mwanafunzi mmoja, piga mstari kwa tisa waliobaki, mkadirie aliyefichwa, andika kosa. Mrudishe, mfiche wa pili, mpaka waishe wote kumi. Sasa hakuna aliyekadiriwa na mstari alioushiriki.

Yule wa 35 na 34: mstari wa wote ulimpa 42. Akifichwa, tisa waliobaki wanampa 44.3, kosa linatoka 8 linakuwa zaidi ya 10. Yule wa juu kabisa, 75 na 76: kosa lake ni 4 akiwemo, na karibu 6.5 akifichwa, kwa sababu alikuwa anauvuta mstari kwake. Makosa ya kufichwa yakizidishwa kila moja kwa lenyewe, wastani wake ukachukuliwa kipeuo, unapata kama 7.1. Ukifanya vivyo hivyo bila kuficha mtu unapata 5.7. Tofauti hiyo ndiyo upendeleo unaousema. Kwa wanafunzi kumi inaonekana wazi. Wangekuwa mia mbili usingeiona.

---

Fundi_Chaki

Nimeifanya hiyo ya kuficha kwa wanafunzi watatu, kalamu na karatasi, baraza lina upepo. Nimepata kama alivyosema. Nakubali si mapambo. Lakini bado siandiki alama ya kukadiria kwenye ripoti ya mtoto. Alama ni kitu mtoto alichokifanya.

---

Mwalimu_Pasua

Fundi, mtaaluma anauliza: tukiacha pengo, nafasi ya binti darasani tunaipataje? Mfumo wa ripoti unapanga wa kwanza mpaka wa mwisho.

---

Fundi_Chaki

Asipangwe. Andika hakufanya, kama inavyoandikwa kwenye matokeo ya taifa.

---

Kijana_Sakina

Mimi sioni hivyo. Ukimwachia ABS, mzazi ataona kama mtoto mtoro. Heri 46 yenye maelezo chini: "makadirio, kati ya 30 na 62".

---

Mama_Njiro

Mzazi gani atasoma maelezo ya chini? Nitaona 46, nitafurahi, basi. Mpeni mtihani.

---

Mwalimu_Pasua

Wakuu narudi na mrejesho. Mkuu wa shule kaamua binti afanye mtihani wa marudio. Karatasi nimetunga mwenyewe, mada zilezile, maswali tofauti. Kafanya, kapata 37.

Mtaaluma toka asubuhi anatembea korido nzima: "Niliwaambia 39! Mstari wangu ulikuwa karibu kuliko wenu!" Nimjibu nini?

---

Kijana_Sakina

Hahaha, mtaaluma kashinda kwa goli la mkono.

---

Kokotoa_Tu

Mwambie mstari wenye kosa la kawaida la alama 15 ukikaribia kwa 2 umebahatika. Nukta iliyouvuta chini ilikuwa sifuri ambayo mtoto hakuipata kamwe, na ni kwa bahati tu kwamba mtoto naye alianguka upande uleule.

Sisi tulikosea kwa 8.75. Ni kosa kubwa kuliko lolote la wale kumi wakiwemo kwenye mstari, lakini liko ndani ya masafa tuliyoyataja. Kwa hesabu ileile, mtu mmoja kati ya wanne angekosewa kwa kiasi hicho au zaidi. Haishangazi, na hailaani mstari. Mwelekeo wake, chini, ndio ule Mama_Njiro aliouhofia, ila kwa mtoto mmoja siwezi kutenganisha mahudhurio na bahati.

Nimejaribu pia kumwingiza na 37 yake awe wa kumi na moja. Mteremko umetoka 0.75 ukawa 0.79, kosa la kawaida limetoka 6.4 likawa 6.6. Mstari umetikisika kidogo tu. Ile sifuri ya ABS iliupeleka mteremko mpaka 0.96 na kosa likapanda zaidi ya mara mbili. Mwonyeshe hizo jozi mbili za namba.

---

Fundi_Chaki

Usimwingize. Ile 37 ni ya karatasi nyingine. Terminali ya wenzake ilikuwa moja, yake ni nyingine, mtungaji mmoja haitoshi. Unajuaje haikuwa ngumu zaidi?

---

Kokotoa_Tu

Sijui, mzee. Mimi ningemwingiza na kuweka alama pembeni ya jina lake. Mwalimu alitunga mada zilezile.

---

Fundi_Chaki

Na mimi ningemwacha nje. Wape wale kumi karatasi hiyo ya marudio kama zoezi, ndiyo utajua uzito wake.

---

Mwalimu_Pasua

Shule inafunga Ijumaa, nusu yao wameshaomba ruhusa ya kwenda Rombo. Nitawapa muhula ukifunguliwa, nitaleta alama hapahapa.

---

Mama_Njiro

Na ile mada ya mwanga, mfundisheni kwanza mtoto wa watu.